Mkorosho, ghala na hatifungani: kwa nini faida na hasara nyingine hazipiti kwenye faida ya mwaka

Chukua kampuni ya kubuni yenye shamba kubwa la mikorosho wilayani Newala, inayofunga hesabu zake tarehe 30 Septemba kwa kufuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha. Siku hiyo shambani kuna vitu viwili ambavyo thamani yake huenda imepanda tangu mwaka uliopita: mikorosho yenyewe, na korosho changa zilizo juu yake. Ongezeko la thamani ya korosho changa litaingizwa katika faida ya mwaka, ingawa hakuna hata kilo moja iliyofika ghalani, seuze mnadani. Ongezeko la thamani ya miti, endapo kampuni imechagua utaratibu wa kuithaminisha upya mali yake, halitaingizwa katika faida hiyo hata kidogo. Litaandikwa chini ya mstari wa faida, katika sehemu inayoitwa mapato mengine jumuishi.

Mtu akiuliza sababu, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba kinachopelekwa huko ni faida ambayo bado haijapatikana, yaani mali imepanda thamani lakini haijauzwa. Jibu hilo linavutia kwa wepesi wake, lakini mfano wa shamba unalikataa, kwa kuwa korosho iliyo mtini nayo haijauzwa na faida yake imehesabiwa. Hisa ambazo kampuni imezinunua ili iziuze kwa haraka nazo hazijauzwa siku ya kufunga hesabu, na bado kupanda na kushuka kwake kunaingia moja kwa moja katika faida au hasara. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili, kwa hiyo, haukuwekwa na swali la kuuzwa au kutouzwa. Uliwekwa kiwango kwa kiwango, mali kwa mali, na mara nyingine ulihamishwa. Hadi mwaka 2015 mkorosho wenyewe ulihesabiwa pamoja na matunda yake, na kupanda kwa thamani yake kuliingia katika faida ya mwaka. Marekebisho yaliyotolewa Juni 2014 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2016 yaliutoa mti unaozaa miaka mingi katika kiwango cha kilimo na kuuweka pamoja na majengo na mitambo, kwa hoja kwamba mti uliokomaa hauuzwi bali hutumika kuzalisha, kama mashine ya kubangulia inavyotumika kiwandani. Matunda yalibaki yalipokuwa.

Ili kuona jambo hili linavyofanya kazi, ni vizuri kutoka shambani na kwenda mjini Mtwara, ambako tutaipa kampuni nyingine ya kubuni ghala moja na hatifungani moja. Ghala na hatifungani vyote hupeleka mabadiliko ya thamani katika mapato mengine jumuishi, lakini kinachotokea baadaye ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya hata watu waliozoea kusoma hesabu.

Kwanza, mpangilio wa taarifa yenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2009, kampuni inayofuata viwango vya kimataifa inatakiwa kuonyesha mabadiliko yote ya mtaji wa wamiliki yasiyotokana na miamala kati yao na kampuni, kama vile kuongeza mtaji au kugawana gawio, katika taarifa moja au taarifa mbili zinazofuatana. Sehemu ya juu ni ile ya kawaida: mauzo, gharama, riba, kodi, kisha faida au hasara ya mwaka. Chini yake yanafuata mapato mengine jumuishi, na jumla ya sehemu hizo mbili huitwa jumla ya mapato jumuishi. Faida ya mwaka huenda kujumlishwa na faida limbikizi. Mapato mengine jumuishi huenda kukaa katika akiba zake maalumu, ambazo nazo ni sehemu ya mtaji wa wamiliki katika mizania. Faida kwa kila hisa hukokotolewa kwa kutumia faida ya mwaka pekee. Ndiyo maana wakurugenzi wengi hawasumbuliwi sana na hasara iliyo chini ya mstari, wakati ile ya juu huwakosesha usingizi.

Sasa tuangalie ghala. Kampuni yetu ilijenga ghala kwa shilingi milioni 800, likaanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, na ikakadiriwa kuwa litadumu miaka 40. Uchakavu wake ni milioni 20 kwa mwaka, hivyo kufikia tarehe 31 Desemba 2024 thamani yake vitabuni ilikuwa milioni 720. Siku hiyo mthamini alilikadiria kuwa na thamani ya milioni 1,080. Ongezeko ni milioni 360. Kwa kuwa kampuni inatumia ghala hilo kutoa huduma ya kupokea, kutunza na kupakia korosho za vyama vya msingi chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, jengo linahesabiwa kuwa mali inayotumika katika biashara, na milioni 360 zote zinaandikwa katika mapato mengine jumuishi na kutunzwa katika akiba ya tathmini. Katika hesabu halisi, kodi itakayokuja kulipwa baadaye hutengwa hapo hapo, na kwa kiwango cha asilimia 30 kinachotumika kwa makampuni nchini ingekuwa milioni 108, zikabaki milioni 252. Katika mifano inayofuata nitaiweka kodi pembeni ili namba zisizidi mzigo.

Kwa nini zisiingizwe katika faida? Hoja yenye nguvu ni kwamba faida ya mwaka inatakiwa kueleza kazi ambayo uongozi umeifanya mwaka huo: umetoza kiasi gani kwa tani, umelipa vibarua kiasi gani, umepoteza magunia mangapi kwa unyevu. Kupanda kwa bei ya majengo karibu na bandari hakutokani na kazi hiyo, hutokea mara moja baada ya miaka kadhaa, na ukubwa wake unaweza kufunika kila kitu kingine. Kama faida ya kawaida ya kampuni ni milioni 90, kuiongezea milioni 360 za mthamini kungeifanya milioni 450, na msomaji angedhani biashara ya kutunza korosho imenawiri mara tano katika mwaka ambao pengine mavuno yalikuwa haba.

Hoja hiyo inaingia akilini, lakini ina ufa. Ghala hilo hilo likikodishwa lote kwa mnunuzi wa korosho, mwenye ghala akabaki kupokea kodi ya pango tu, linahesabiwa kuwa mali ya uwekezaji. Akichagua kulipima kwa thamani ya soko, milioni zote za ongezeko zitaingia katika faida ya mwaka. Matofali ni yale yale na mthamini ni yule yule. Kilichobadilika ni jinsi jengo linavyoingiza fedha. Watetezi wa viwango wanasema kwamba kwa mwenye mali ya uwekezaji kupanda kwa thamani ni sehemu ya biashara yenyewe, na kwa mtunza korosho sivyo. Nakubaliana nao kwa kiasi, ila anayelinganisha makampuni mawili mtaani hapo anapaswa kujua kwamba moja inaweza kuonekana tajiri wa faida kwa sababu ya mkataba wa pango na si kwa sababu ya kazi.

Linalofuata baada ya tathmini ndilo ambalo watu wengi hawalitazamii. Ghala limebakiza miaka 36, na uchakavu wake sasa unakokotolewa kwa thamani mpya ya milioni 1,080, yaani milioni 30 kwa mwaka badala ya 20. Milioni 10 za ziada zinapunguza faida ya kila mwaka. Maana yake ni kwamba ongezeko la thamani halikuingia katika faida, lakini gharama inayozaliwa na ongezeko hilo inaingia, tena kila mwaka hadi jengo litakapokwisha. Viwango vinairuhusu kampuni kuhamisha milioni 10 hizo kila mwaka kutoka akiba ya tathmini kwenda faida limbikizi, lakini uhamisho huo unafanyika ndani ya mtaji, bila kugusa taarifa ya faida. Uongozi ulioomba tathmini ili mizania ipendeze mbele ya benki hugundua mwaka unaofuata kwamba faida imepungua pasipo mteja hata mmoja kuondoka.

Thamani ikishuka, sheria inabadilika sura. Tuseme mwishoni mwa mwaka 2027 thamani vitabuni ni milioni 990, baada ya uchakavu wa miaka mitatu, na mthamini anasema ghala lina thamani ya milioni 590 tu. Upungufu ni milioni 400. Akiba ya tathmini, baada ya kuhamishwa milioni 10 kwa miaka mitatu, imebaki na milioni 330. Upungufu unaila akiba hiyo kwanza, kupitia mapato mengine jumuishi, na milioni 70 zinazobaki zinaingia katika hasara ya mwaka. Namba hiyo ya 70 si ya kubahatisha. Kama ghala lisingethaminishwa upya kamwe, lingekuwa vitabuni kwa milioni 660, na 590 ni pungufu ya hapo kwa milioni 70. Kwa hiyo kanuni ni kwamba kushuka hadi pale ambapo mali ingekuwa kwa gharama yake ya awali kunafuta tu kupanda kwa zamani, na kushuka zaidi ya hapo ni hasara kamili inayoonekana katika faida ya mwaka. Mhasibu anayetaka kuhakiki kazi yake anaweza kutumia kipimo hicho, mradi uhamisho wa kila mwaka umefanyika.

Hatifungani ina njia nyingine. Kampuni hiyo hiyo ina hatifungani ya serikali yenye thamani ya shilingi milioni 500, inayolipa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, yaani milioni 30 kila baada ya miezi sita, na imebakiza miaka mitano. Iliinunua kwa bei yake kamili. Kusudio lake ni kupokea riba, lakini pia kuiuza sehemu ya hatifungani pindi msimu unapohitaji fedha za haraka. Kusudio la namna hiyo, la kukusanya riba na kuuza, ndilo ambalo kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha namba 9, kinachotumika tangu tarehe 1 Januari 2018, kinalipeleka katika mapato mengine jumuishi. Kama kusudio lingekuwa kukusanya tu hadi siku ya mwisho, mabadiliko ya bei yasingeandikwa katika faida wala chini ya mstari. Kama lingekuwa kufanya biashara ya kununua na kuuza, yangeingia katika faida ya mwaka.

Tuseme riba ya soko kwa hatifungani za miaka mitano inapanda hadi asilimia 14. Hakuna mtu atakayelipa milioni 500 kwa karatasi inayotoa asilimia 12 wakati anaweza kupata 14, hivyo bei yake inashuka hadi takribani milioni 465. Katika faida ya mwaka, riba inabaki milioni 60 kama kawaida. Hasara ya milioni 35 inaandikwa chini ya mstari. Sababu hapa ni nzuri kuliko ile ya ghala: kampuni ikivumilia miaka mitano, serikali italipa milioni 500 kamili, na hasara ile itajifuta kidogo kidogo katika akiba hadi iishe. Kuiingiza katika faida mwaka huu na kuitoa miaka inayofuata kungeitikisa faida kwa jambo ambalo huenda halitamgusa mtu mfukoni. Lakini mizania inaonyesha milioni 465, kwa sababu ndizo fedha zitakazopatikana ikilazimika kuuza leo. Kwa njia hiyo mizania inasema ukweli wa soko, na faida ya mwaka inasema ukweli wa riba, na mapato mengine jumuishi yanabeba tofauti kati ya kauli hizo mbili. Jambo moja tu halisubiri: kukiwa na wasiwasi kwamba mkopaji hatalipa, hasara inayotarajiwa kwa ajili hiyo huingia katika faida ya mwaka bila kuchelewa, maana hiyo haijifuti kwa kungoja.

Sasa kampuni inabanwa na fedha katikati ya msimu na kuiuza hatifungani kwa milioni 465. Siku hiyo hasara ya milioni 35 iliyokuwa katika akiba inatolewa huko na kuhamishiwa katika faida ya mwaka. Chini ya mstari inaandikwa nyongeza ya milioni 35 ya kuifuta, na juu ya mstari inaandikwa hasara ya milioni 35. Kama yote yametokea baada ya mwaka wa kwanza kufungwa, jumla ya mapato jumuishi ya mwaka wa pili haibadiliki hata shilingi, kwa sababu hasara ilikwisha hesabiwa mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni chumba ilimowekwa. Ghala halina uhamisho wa aina hiyo. Milioni zake zikishaingia akiba ya tathmini hazirudi kamwe kwenye faida ya mwaka, hata ghala likiuzwa. Zinahamia faida limbikizi moja kwa moja.

Kwa sababu ya tofauti hiyo, marekebisho yaliyotolewa mwaka 2011 yanadai mapato mengine jumuishi yagawanywe katika makundi mawili: yatakayoweza kuhamishiwa katika faida au hasara baadaye, na yasiyoweza. Msomaji mwenye haraka aanze na kundi la kwanza, kwa kuwa hasara iliyo humo inaweza kupanda juu ya mstari mwaka wowote. Mfano wa kundi hilo ulio jirani kabisa na Mtwara mjini ni kiwanda cha saruji cha Dangote. Kampuni mama iko Nijeria na hutoa hesabu zake kwa naira, hivyo mali za kiwanda zilizo katika shilingi hulazimika kutafsiriwa kila mwaka. Naira iliposhuka sana kuanzia Juni 2023, shilingi zile zile zikawa na naira nyingi zaidi, bila mfuko mmoja wa saruji kuongezeka. Tofauti za namna hiyo huwekwa chini ya mstari na hubaki huko hadi kampuni mama itakapoachana na kampuni tanzu. Katika kundi la pili, pamoja na tathmini ya majengo, zimo hisa ambazo kampuni imeamua tangu siku ya kuzinunua, bila nafasi ya kugeuka, kwamba mabadiliko ya bei yake yatapita chini ya mstari. Gawio lake huingia katika faida, lakini faida ya kuziuza haiingii.

Je, kuna kanuni moja inayoeleza haya yote? Mfumo wa dhana wa viwango vya kimataifa uliotolewa mwaka 2018 unajaribu. Unasema kwamba kimsingi mapato na gharama zote ziwe katika faida au hasara, kwamba kutoka nje ya hapo kuwe kwa nadra na kwa yale tu yanayotokana na mabadiliko ya thamani ya sasa ya mali au deni, na kwamba kilichotoka nje kirudi baadaye. Tathmini ya majengo inavunja sehemu ya mwisho, na hisa zilizotajwa hapo juu zinaivunja pia. Kwa maoni yangu ni haki kuyaita mapato mengine jumuishi matokeo ya maafikiano: waliotaka mizania yenye bei za leo walipata bei zao, na waliotaka faida isiyotikiswa na bei hizo walipata utulivu wao. Kiwango kipya namba 18, kitakachochukua nafasi ya kile cha zamani cha uwasilishaji kuanzia tarehe 1 Januari 2027, kinapanga upya sehemu ya juu ya taarifa lakini kinaiacha mipaka hii ilivyo.

Udhaifu wa utulivu huo ulionekana nchini Marekani, ambako kanuni za hatifungani zinafanana na hizi katika jambo hili. Benki ya Silicon Valley ilikuwa na hasara katika hatifungani zake baada ya riba kupanda mwaka 2022, na faida yake ya mwaka haikuionyesha. Tarehe 8 Machi 2023 ilitangaza kwamba imeuza hatifungani za takribani dola bilioni 21 kwa hasara ya dola bilioni 1.8 baada ya kodi. Wenye amana wakakimbilia fedha zao, na tarehe 10 Machi benki ikafungwa. Hasara haikuzaliwa siku ya kuuza. Kwa aliyesoma chini ya mstari ilikuwa imeandikwa tayari. Hatifungani zilizokusudiwa kushikiliwa hadi mwisho zilikuwa na hasara kubwa zaidi, takribani dola bilioni 15, na hiyo haikuwa hata chini ya mstari, ilikuwa katika maelezo ya ziada ya hesabu.

Kosa la kawaida katika hesabu za makampuni madogo hutokea siku ya kuuza jengo. Turudi tarehe 1 Januari 2025, kabla ya uchakavu mpya kuanza, na tuseme ghala lililothaminishwa kwa milioni 1,080 limeuzwa kwa milioni 1,100. Faida halali ya mauzo ni milioni 20. Mhasibu anayekumbuka kwamba jengo lilikuwa na milioni 720 kabla ya tathmini hushawishika kuandika milioni 380, na mwenye kampuni humshangilia. Namna ya kulibaini kosa ni kujumlisha mapato jumuishi ya miaka hiyo miwili. Utajiri wa kampuni kutokana na jengo umeongezeka kwa milioni 380 tu, kutoka 720 hadi 1,100. Kwa hesabu sahihi ni 360 za mwaka 2024 na 20 za mwaka 2025. Kwa hesabu ya kosa zinatokea 740, isipokuwa mwandishi awe ameondoa zile 360 chini ya mstari mwaka wa pili kana kwamba ni hatifungani. Mkaguzi huanza kwa kufungua taarifa ya mabadiliko ya mtaji na kutazama safu ya akiba ya tathmini: milioni 360 zinapaswa kuonekana zikitoka katika safu hiyo na kuingia katika safu ya faida limbikizi, katika mstari wa uhamisho, mbali na mstari wa mapato jumuishi ya mwaka.